Codespaces, code-server au laptopu yako: mtandao wa nyumbani ukikatika-katika, ipi inavumilia?

fundi_tabata
Habari wakuu. Laptopu yangu ina memori ya GB 4. Nikiwasha Postgres, kihariri na kivinjari kwa pamoja inaganda, ndiyo maana siku hizi naandika msimbo kwenye kivinjari, Codespaces. Shida ni mtandao wa nyumbani. Mchana unapotea sekunde ishirini hivi unarudi, jioni unaweza kwenda hata robo saa.

Juzi nilikuwa naingiza orodha ya wateja kwenye kanzidata ya majaribio (mradi ni Django). Skripti iko katikati, mtandao huo ukaondoka. Nikasubiri, nikachoka, nikaenda kula na kupiga soga na majirani. Niliporudi mashine imezimika, kanzidata ina nusu ya orodha na sijui iliishia kwa mteja yupi. Nibaki hapo hapo, nikodi seva niweke code-server, au nirudi kuteseka na laptopu?

mzee_wa_bando
Dawa ni laini mbili mkuu. Modemu ya laini mbili, moja ikianguka nyingine inashika. Mimi bando la usiku silikosi.

fundi_tabata
Laini mbili ninazo mzee wangu. Nauliza mahali pa kufanyia kazi, si bando.

nahodha
Unasumbuka bure. Huduma yoyote itakufaa ukitumia tmux. Skripti iendeshe humo, mtandao ukate hata siku nzima, ukirudi unaikuta inaendelea.

```
tmux new -s kazi
tmux attach -t kazi
```

bi_seva
Kaka nahodha, hiyo ni kweli kwenye seva uliyokodi mwenyewe. Kwa Codespaces ni nusu ya kweli. tmux inakinga kazi isife mtandao ukikatika, lakini mashine yenyewe ikizimwa tmux inakufa nayo. Na Codespaces huzima mashine ikikaa dakika 30 bila shughuli, labda uwe umebadilisha. Faili zilizo ndani ya `/workspaces` zinabaki. Chochote kilichokuwa kinaendeshwa kinaondoka.

Fundi, soma tena maelezo yako: ulikwenda kula, ukarudi ukakuta *imezimika*. Sekunde ishirini za mtandao haziwezi kufanya hivyo. Iliyokupiga ni saa ya kutulia. Unaweza kuiongeza hadi dakika 240:

```
gh codespace create --idle-timeout 240m
```

Ukiibadilisha kwenye mipangilio ya akaunti, itashika mashine mpya tu, za zamani zinabaki na muda wake. Halafu angalia pochi. Akaunti binafsi ya bure inapewa saa 120 za kiini kwa mwezi, na mashine ndogo kabisa ina viini viwili, kwa hiyo kwako ni saa 60. Ukiweka dakika 240 na kusahau kuizima, kila jioni inakula saa nne ukiwa umelala. Jioni 15 tu, mwezi umekwisha. Ukimaliza kazi andika `gh codespace stop`, usifunge tabu ukadhani umezima.

nahodha
Sawa dada, hapo nimekuelewa. Lakini maandishi yanayotoka terminalini si yanahesabiwa kuwa shughuli? Skripti ingekuwa inachapisha mstari kwa kila mteja isingezimwa.

bi_seva
Yanahesabiwa, ndiyo. Ila hapo kivinjari kilikuwa kimeshakatika, na skripti iliyo ndani ya tmux isiyo na mtu haitoi kitu kwenye terminali yoyote. Mimi siwezi kuweka kazi ya saa mbili rehani kwa hilo.

nahodha
Mimi imewahi kunishikia.

bi_seva
Bahati yako kaka. Fundi, jambo lingine ambalo watu hupoteza kazi kwalo. Kihariri hiki kinaendeshwa ndani ya kivinjari chako, kwa hiyo mtandao ukikata bado unaandika na herufi zinaonekana vizuri kabisa. Kilichokufa ni kuhifadhi, terminali na mapendekezo ya msimbo. Mtu anaandika dakika kumi akidhani yuko salama. Ukiona mapendekezo hayaji, au alama ya faili isiyohifadhiwa imeganda kwenye tabu, jua uko peke yako. Ukiletewa ujumbe wa kupakia dirisha upya, usibofye kwanza: chagua yote, nakili, bandika kwenye faili ya laptopu, kisha ndiyo upakie.

Na mzee wa bando asikasirike, laini mbili zina mtego wake. Modemu ikihama laini anwani yako ya IP inabadilika, na muunganisho uliokuwa wazi unavunjika hata kama intaneti "ipo".

kijana_nyali
Niko Mombasa, natumia code-server kwa seva ya kukodi iliyo Johannesburg, karibu mwaka sasa. Stima ikipotea hapa seva haijui, naingia kesho nakuta tmux inaendelea. Codespaces haina kituo Afrika, ukiwa pwani hii kwa kawaida unakwenda Ulaya. Kwa kuandika hutahisi tofauti kubwa, kwa terminali utahisi.

Mambo mawili yalinichosha mwanzoni. Nilifungua kwa http na namba ya IP tupu, kunakili na kubandika kukagoma, hata hakikisho la markdown halifunguki. Kivinjari kinataka https. Niliweka Caddy mbele, cheti inatafuta yenyewe:

```
code.example.com {
    reverse_proxy 127.0.0.1:8080
}
```

Pili, viongezi vinatoka Open VSX, si duka la Microsoft. Pylance haimo. Kwa mtu wa Python hilo litakuuma.

Tena usidhani Johannesburg ni kinga. Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika kusini, ya kwangu ndiyo iliyokuwa taabani.

nahodha
Kwa nini hata mng'ang'anie kivinjari? mosh na tmux, basi. mosh haijali IP ikibadilika, laini ya mzee ihame itakavyo. Fungua tu UDP 60000 hadi 61000 kwenye seva.

fundi_tabata
Neovim sijaizoea kaka, na kazi ya React nataka niione.

bi_seva
Kabla hujalipa seva, pima. Acha hii ikimbie jioni nzima:

```
ping -D -O 1.1.1.1 | tee ping.txt
```

Mapengo yakiwa chini ya dakika moja, vyote viwili vitavumilia, chagua kwa bei. Yakiwa ya robo saa mara kwa mara, msimbo uandikie kwenye laptopu, Postgres tu ndiyo ikae mbali. Na ile skripti irekebishe popote utakapokwenda, iingize yote au isiingize kitu:

```
with transaction.atomic():
    Mteja.objects.bulk_create(orodha, batch_size=500)
```

fundi_tabata
Nimerudi. Nimepima jioni mbili. Mapengo mengi ni sekunde 10 hadi 30, na kila jioni moja refu: dakika 17, kisha 12. Yote mawili yameanguka karibu saa mbili usiku, wakati mtaa mzima uko kwenye mtandao. Naanza na code-server kwa mwezi mmoja. Kijana wa Nyali, seva yako ina memori kiasi gani? Hapa nimeona ya GB 1 kwa bei nzuri.

kijana_nyali
GB 1 inawaka, lakini ukifungua mradi wa TypeScript inauawa yenyewe, na utafikiri ni mtandao. Mimi nina 4. Ukilazimika, chukua 2 na uongeze swap. Dirisha likikatika wakati ping inajibu, andika `sudo dmesg | grep -i oom` kwanza.

mzee_wa_bando
Saa mbili usiku? Si nilisema bando la usiku wa manane.