Depo yao ilikataa kontena tupu siku 7, fakitire ya siku 20 wameniletea mimi

Papa wa Karo, Lubumbashi

Bandugu, jambo yenu. Nina hasira, na ninaandika kabla sijatoa feza.

Ninaleta karo, yaani vigae, kutoka China kupitia Dar es Salaam. Kontena moja la futi 40 lilishushwa melini tarehe 3 Machi. Kampuni ya meli ilinipa siku 30 za bure, zikihesabiwa tangu kesho yake mpaka kontena tupu lirudi mikononi mwao hukohuko Dar. Siku zangu zikaisha tarehe 2 Aprili.

Tarehe 11 Machi kila kitu kilikuwa tayari. Dwane ilikuwa imeruhusu, bandari imelipwa, kamiyo inangoja nje ya geti. Terminal haikutupa nafasi ya kuingia. Transitere wangu aliomba kila asubuhi, na kila asubuhi jibu lilikuwa lilelile: yadi imejaa, kontena lako liko chini ya mengine. Lilitoka tarehe 20. Siku 9 zangu zimeliwa mahali ambapo mimi siruhusiwi hata kukanyaga.

Baada ya hapo ni Tunduma, Kapiri Mposhi, foleni ya Kasumbalesa. Tulipakua hapa tarehe 5 na 6 Aprili, na tarehe 7 shofere akageuza. Tarehe 15 asubuhi alifika kwenye depo ambayo kampuni ya meli yenyewe iliiandika kwenye karatasi. Getini wakamwambia: "Tumejaa, hatupokei." Wakamtuma depo nyingine, na kule wakasema hawana ruhusa ya kupokea kontena za kampuni hiyo. Mtoto wa watu alilala ndani ya kamiyo mpaka tarehe 22 ndipo wakalipokea.

Sasa fakitire imekuja: siku 20 za ditensheni, 10 za kwanza dola 40 kwa siku, 10 zinazofuata dola 80. Jumla dola 1,200. Na dhamana yangu ya dola 2,000 wanaishika. Wanasema watakata humohumo. Mtu anakataa kupokea mali yake, halafu ananilipisha kwa kuwa nimekaa nayo! Nimelipa kodi zote, nimelala macho kwa ajili ya mzigo huu. Silipi.

Mwana Kadutu, Bukavu

Papa, usilipe hata senti. Kuna sheria ya Amerika ya 2022: fakitire ya ditensheni ikikosa maelezo yanayotakiwa, huna deni. Na wasimamizi wa meli wa hukohuko Amerika walishasema tangu 2020 kwamba hiyo feza ni ya kusukuma mzigo utembee. Kama mzigo hauwezi kutembea, hakuna cha kulipisha. Watumie hiyo sheria, watanyamaza.

Mama Liputa, Goma

Pole papa. Mimi yalinipata Mombasa. Kontena lilikaa bandarini siku 12, nikalipishwa storeji. Niliwaandikia kampuni ya meli warudishe, wakanijibu kwamba haiwahusu. Hawa watu wote ni wamoja, mama wee! Mpaka leo sijarudishiwa.

Wakala wa Kurasini, Dar es Salaam

Mzee, pole sana. Natoa mizigo ya Kongo kila wiki, ngoja niseme ninavyoijua.

Mama wa Goma, shikamoo. Storeji ni pesa ya bandari au terminal, kwa ajili ya nafasi kontena lilipokaa. Kampuni ya meli haikuipokea, kwa hiyo haiwezi kuirudisha. Malalamiko yako yalipaswa kwenda kwa waliokutoza.

Kaka wa Bukavu, sheria hiyo ipo kweli, lakini ni ya mizigo inayopita bandari za Marekani. Dar haina nguvu. Hoja yake ni nzuri, itumie kama hoja. Ukiiandika kama sheria, watakujibu kwa mstari mmoja na barua yote itakufa.

Sasa Mzee, kosa ambalo wengi hufanya ni kuandika "silipi kwa sababu ya msongamano" na kuishia hapo. Ankara yako ina vipande vitatu, na kila kimoja kina nguvu yake.

Cha kwanza ni depo. Kontena lilifika tarehe 15, likapokelewa tarehe 22. Siku 7, zote ziko kwenye bei ya dola 80, ni dola 560. Hapa simama imara. Mahali pa kurudisha walipachagua wao, wewe ulifika, wao ndio hawakupokea. Lakini wao huhesabu kwa tarehe iliyo kwenye ile hati ya kupokea kontena getini, kwa hiyo lazima uthibitishe kwamba tarehe 15 kontena lilikuwa pale. Kuna barua pepe yoyote iliyokwenda siku hiyo?

Cha pili ni zile siku 9 za Machi. Ukiziondoa nazo, unabaki na siku 4 za dola 40, yaani 160. Kwa hiyo kipande hiki kina thamani ya dola 480. Hapa sikudanganyi, ni kigumu. Soma aya ya kontena nyuma ya hati ya shehena: mara nyingi imeandikwa kwamba ucheleweshaji wowote usiotokana na kosa la kampuni ya meli ni wa mwenye mzigo, na wao watasema terminal si yao. Omba kupunguziwa, na uambatanishe picha za skrini za kila ombi la nafasi lililokataliwa, moja kwa kila siku. Nimeona wakikata nusu. Nimeona pia wakikataa kabisa.

Cha tatu ni hizo dola 160. Hizo ni za njiani na Kasumbalesa. Zilipe leo, na uandike kwamba unalipa sehemu usiyobishania. Mtu anayekataa kila kitu wanamweka kwenye fungu la wadaiwa sugu.

Papa wa Karo, Lubumbashi

Asante mwanangu. Shofere ana picha ya geti ya tarehe 15, saa inaonekana, na namba ya kontena inasomeka. Barua pepe ya transitere ilikwenda tarehe 17. Siku mbili za kwanza alikuwa anawapigia simu tu. Kwa nini asiandike siku ileile! Nimemkemea.

Wakala wa Kurasini, Dar es Salaam

Simu haina ushahidi, Mzee. Kuanzia 17 una maandishi, kabla ya hapo una picha. Picha yenye namba ya kontena na bango la depo huwa wanaikubali, ila watakubishia. Safari nyingine, dereva akikataliwa tu, saa hiyohiyo andikeni: kontena namba fulani liko getini kwenu, limekataliwa, tuelekezeni pa kulipeleka. Hapo mpira uko kwao.

Wakikataa kuhusu depo, peleka malalamiko TASAC, ndio wasimamizi wa usafiri wa meli Tanzania. Na OGEFREM, shirika lenu la Kongo la kusimamia mizigo, lina ofisi hapa Dar, wape nakala. Mahakamani usifikirie. Hati nyingi za shehena zinataka kesi ifanyike London, na kwa dola 560 hakuna wakili atakayeamka.

Shofere wa Kasumbalesa

Mnaongea kontena tu. Zile siku 7 kamiyo ilisimama, na patroni wa kamiyo naye anadai dola zake kwa kila siku ya kusimama. Hizo analipa nani?

Papa wa Karo, Lubumbashi

Ndugu, ananidai mimi, na nimeshamlipa nusu. Wakala, hizo naweza kuziweka kwenye barua ileile?

Wakala wa Kurasini, Dar es Salaam

Sijawahi kuona zikilipwa. Andika ya kontena kwanza, peke yake. Ukichanganya, watashika ya lori na kuacha kujibu ya depo.

Papa wa Karo, Lubumbashi

Nimelipa 160 jana na barua imekwenda, picha ya geti ikiwa ukurasa wa kwanza. Leo wamejibu kwamba "wanaangalia" suala la depo. Kuhusu Machi wamekataa. Kuhusu dhamana yangu hawajaandika neno, na kontena lingine la karo linashuka Dar wiki ijayo.