Nimeachishwa kazi kwa utovu wa nidhamu, wanasema hata NSSF ya upande wao sipati. Ni kweli?

BohariYaZiwa
Wakuu, habari za jioni. Nipo Mwanza, nilikuwa mtunza stoo kwenye kampuni ya usambazaji wa vyakula, miaka 8 imetimia mwaka huu. Mshahara 650,000. Katoni kadhaa za mafuta ya kula zilionekana pungufu wakati wa kuhesabu mali, hasara wanasema 1,900,000. Asubuhi napigiwa simu kwamba saa nane mchana nina kikao cha nidhamu. Mwenyekiti wa kikao ni meneja yuleyule aliyefanya uchunguzi. Kesho yake barua: nimeachishwa kazi.

Afisa utumishi ananiambia mtu wa utovu wa nidhamu hana kiinua mgongo, hana likizo, na michango ya NSSF aliyochangia mwajiri inarudi kampuni kufidia mafuta. Halafu akanipa njia ya pili: niandike barua ya kuacha kazi mwenyewe, "jina lako libaki safi", watanisamehe deni. Nisaini ipi?

Kipara wa Igoma
Pole mkuu. Hapo wako sahihi kwa sehemu kubwa. Kumbuka wale wa vyeti feki, serikali ilipowarudishia pesa zao mwaka 2022 walipewa michango yao tu, ya mwajiri hawakuiona. Ukifukuzwa kwa kosa unachukua chako, cha mwajiri unakiacha. Saini ya kuacha kazi, angalau deni linafutwa.

MzeeWaMatawi
Kipara, umechanganya mambo mawili. Wale wa vyeti feki ajira yenyewe ilihesabiwa kuwa batili tangu mwanzo, ndiyo maana wakarudishiwa walichokatwa wao tu. Mleta uzi ajira yake ilikuwa halali miaka yote 8. Alichofanya au asichofanya na katoni za mafuta hakigeuzi michango ya miaka iliyopita.

Nimekuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi viwandani kwa muda mrefu, na kosa hili nimelisikia kwa maafisa utumishi wengi. Mchango ukishafika NSSF unakaa kwenye akaunti ya mwanachama. Upande wako na upande wa mwajiri ni asilimia 20 kwa pamoja, kwako ni kama 130,000 kila mwezi kwa mshahara wa sasa. Kampuni haiwezi kwenda kaunta ya NSSF ikasema tunaomba nusu yetu, mtu wetu alikuwa mwizi. Tena usisahau miezi. Miaka 8 ni miezi 96. Pensheni ya uzeeni inataka miezi 180, kwa hiyo ukipata kazi nyingine unaendelea kuanzia 97, huanzi moja.

Kiinua mgongo ni hadithi nyingine, na hapo ndipo afisa wako ana hoja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inasema ukiachishwa kwa haki kwa sababu ya utovu wa nidhamu hulipwi. Soma hayo maneno "kwa haki" mara mbili. Kwako kingekuwa hivi: 650,000 gawa kwa 26, siku moja ni 25,000. Siku 7 ni 175,000. Mara miaka 8, unapata 1,400,000. Hiyo ndiyo pesa iliyo hatarini.

Likizo ambayo hukuchukua unalipwa hata ungefukuzwa kwa kosa gani. Mshahara wa siku ulizofanya kazi vilevile, na cheti cha utumishi wakupe.

Wanjala254
Pole ndugu. Huku Kenya mimi nilifutwa kwa kosa kubwa, wakanilipa siku nilizofanya na likizo, basi. Nikadai malipo ya utumishi ya kila mwaka, nikaambiwa kwa kuwa nalipa NSSF siyapati, hata ningekuwa malaika. Kwa hivyo wewe pia usisumbuke na hiyo kiinua mgongo, NSSF ndiyo imechukua nafasi yake.

MzeeWaMatawi
Wanjala, hiyo ni sheria yenu. Huku kwetu kuwa mwanachama wa NSSF hakuondoi kiinua mgongo. Vyote viwili vinakwenda sambamba.

MamaHesabu
Mimi nimefanya malipo ya mishahara kwenye kampuni mbili. Niongeze la lile deni. Mwajiri hakati hasara kwenye mshahara wako kwa kutaka tu. Lazima ukubali kwa maandishi, ithibitike ni uzembe wako, upewe nafasi ya kujieleza, na hata hapo makato hayazidi robo ya mshahara. Robo yako ni 162,500. Kwa hiyo hiyo karatasi wanayotaka usaini ndiyo silaha yao. Bila saini yako wakitaka 1,900,000 waende mahakamani.

Ila swali langu: kampuni ilikuwa na mfuko wake wa ziada, nje ya NSSF? Pale kanuni za mfuko zinaweza kusema wa utovu wa nidhamu anapoteza sehemu ya mwajiri. Usome kanuni zenyewe, siyo maneno ya afisa.

BohariYaZiwa
Mfuko mwingine hatuna, NSSF tu. Na barua ya kuacha kazi?

MzeeWaMatawi
Usiiandike. Ukiacha kazi mwenyewe kiinua mgongo kimekwenda, kudai kuachishwa isivyo halali kunakuwa mlima, na fao la kukosa ajira NSSF haliwahusu walioacha kwa hiari. Wanakupa "jina safi" wanachukua vitu vitatu.

Sasa tazama kikao chako. Kanuni zinataka upewe tuhuma mapema, angalau saa 48 za kujiandaa, uruhusiwe kuja na mwenzako au mtu wa chama, na mwenyekiti asiwe aliyehusika na uchunguzi. Wewe umepigiwa simu asubuhi, mchana umekaa mbele ya mchunguzi wako. Mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi huo ni mwanya mkubwa, na uachishaji ukionekana si wa haki, kile kizuizi cha kiinua mgongo kinaanguka. Jaza fomu CMA F.1 ndani ya siku 30 tangu uamuzi wa mwisho. Zikipita utaanza kuomba muda kabla hata hujasikilizwa.

Kipara wa Igoma
Lakini mzee, kama mafuta kweli aliiba?

MzeeWaMatawi
Basi anaweza kukosa kiinua mgongo. NSSF bado ni yake.

BohariYaZiwa
Wakuu, leo nimekwenda NSSF nimechukua taarifa ya michango. Kuanzia Machi hadi Julai 2021 hakuna kitu! Stakabadhi zangu za mshahara za miezi hiyo zinaonyesha nilikatwa. Afisa utumishi anasema kwa kuwa nimefukuzwa hawawezi kurudi nyuma.

MamaHesabu
Hapo sasa. Hizo stakabadhi toa nakala, za asili zifiche nyumbani. Waandikie NSSF malalamiko, ambatanisha, na ugongewe muhuri kwenye nakala yako. Deni hilo NSSF ndiyo inamdai mwajiri, kukufukuza hakulifuti. Na Tume ulitaje pia?

MzeeWaMatawi
La michango mpelekee NSSF kwanza, wana wakaguzi wao. Tume ubaki na uachishaji, kiinua mgongo na likizo, usiijaze fomu kila kitu.

BohariYaZiwa
Sawa mzee. Fao la kukosa ajira je, barua yangu imeandikwa "utovu wa nidhamu", watanikubalia?

Kipara wa Igoma
Jirani yangu alikubaliwa.

MamaHesabu
Wangu alizungushwa miezi, akaambiwa asubiri kesi iishe. Peleka barua dirishani, jibu wakupe kwa maandishi.