Nanyonyesha, hedhi bado, na nimerudi kazini. Mimba haiwezi kuingia?

Mama wa Mkomani: Asalaam aleikum. Mwanangu ana miezi minne. Tangu nimalize damu ya uzazi sijaona hedhi, na alikuwa akinyonya maziwa yangu tu. Wiki mbili hizi navuka Mokowe saa moja asubuhi, narudi Amu saa kumi. Mchana mavyaa humpa uji na maji. Mume wangu yuko nyumbani. Je, kunyonyesha bado kunanikinga?

Bi Shela: Usijitie hofu mwanangu. Maadamu hujaona damu, mimba haiingii. Wangu wote wamepishana hivyo hivyo.

Nesi wa Zamu: Shikamoo Bi. Wako huenda walishinda kifuani kutwa. Kinga hiyo husimama kwa mambo matatu pamoja: hedhi haijarudi, mtoto hajatimiza miezi sita, naye ananyonya tu, bila kukaa muda wa zaidi ya saa nne mchana, wala muda wa zaidi ya saa sita usiku, kabla ya kunyonya tena. Dada, mawili unayo, la tatu limekatika. Unakaa mbali naye kiasi cha saa tisa. Na yai hupevuka kabla hedhi ya kwanza haijaonekana, kwa hiyo ukingoja damu huenda umechelewa.

Pima mkojo. Kama hakuna mimba, anza siku hiyo hiyo njia isiyo na estrojeni: kijiti, sindano au vidonge vya wanaonyonyesha. Kondomu siku saba kwa kijiti na sindano, siku mbili kwa vidonge. Pima tena baada ya wiki tatu, maana mimba changa sana haionekani.

Kijana wa Langoni: Mke wangu alitiwa kijiti akawa anatokwa na matone kila mara, mpaka akakitoa. Msimpoteze dada.

Nesi wa Zamu: Matone yanaudhi, kweli, na wengine hukitoa kwa sababu hiyo. Lakini yeye ameuliza habari ya kinga.

Mama wa Mkomani: Dukani nimepewa pakiti ya vidonge 28, saba vina rangi nyingine. Ndivyo hivyo?

Nesi wa Zamu: Usivimeze! Pakiti ya namna hiyo kwa kawaida ina estrojeni, inayoweza kupunguza maziwa. Ingoje hadi mtoto atimize miezi sita. Vyako ni kama Microlut: vidonge 35, vyote sawa, kila siku saa ile ile bila kupumzika. Ukichelewa zaidi ya saa tatu, meza mara unapokumbuka na mtumie kondomu siku mbili. Kwa mtu anayengoja boti kila siku, mimi ningechagua kijiti.

Mama wa Mkomani: Nakipenda, ila mume ameyasoma ya huyo kijana, sasa anasita. Nitapima kesho. Na uji je, nimwambie mavyaa auache?

Bi Shela: Hilo la mavyaa lifungulie uzi wake, mwanangu.