Tupeane uzoefu: Ulijuaje kwamba ndama yuko tayari kuachishwa maziwa?

Mtunza Zizi: Ndugu wafugaji, nilimwachisha ndama wangu wa Friziani maziwa siku alipotimiza wiki 8, nikamkatia lita 6 kwa mkupuo mmoja. Alilia siku tatu mfululizo, manyoya yakasimama, na kamba ninayompimia kifua haikusogea kwa wiki mbili nzima. Ninyi huamuaje siku ya kuanza?

Mama Mitamba: Pole sana. Dawa yake ni kungoja miezi mitatu kamili. Mimi sijawahi kuachisha kabla ya hapo, na sijapata tatizo.

Babu wa Malisho: Mama Mitamba, kungoja kunasaidia, lakini umri peke yake hautoshi. Ndama huyo alikuwa akila nafaka kiasi gani?

Mtunza Zizi: Kama gramu 300 kwa siku. Nyasi kavu alikuwa akila nyingi, nikadhani ameshiba.

Babu wa Malisho: Hapo ndipo penye shida. Nyasi hujaza tumbo, lakini kinachokuza ukuta wa ndani wa tumbo kubwa, ule unaofyonza chakula, ni hasa nafaka inayochachuka humo, na haichachuki vizuri kama ndama hapati maji safi ya kunywa, kwa kuwa maziwa hayaendi kwenye tumbo hilo. Mimi hupima kila asubuhi nilichoweka jana na kilichobaki. Akila kilo 1 kwa siku, siku tatu mfululizo, ndipo ninapomaliza kumwachisha. Maziwa huyapunguza kidogo kidogo kwa siku 10 hivi: kutoka lita 6 hadi 4, kisha 2 za asubuhi tu. Jioni ya kwanza bila maziwa humwekea nafaka mpya saa ileile aliyozoea ndoo, naye huipeleka midomo humo badala ya kunyonya sikio la mwenzake. Asipoongeza ulaji, narudi nyuma hatua moja.

Mchunga Mlimani: Wangu hunyonya mama zao malishoni hadi miezi 7. Nikiwatenganisha, ndama huzunguka uzio usiku kucha. Niwapimie nafaka pia?

Babu wa Malisho: Hao ni jambo jingine, tumbo lao limeshakomaa. Waache waonane kupitia uzio imara kwa wiki moja, bila kuweza kunyonya, na ndama wabaki kwenye malisho wanayoyajua.

Mama Mitamba: Nakubali kuhusu kupima. Ila mimi huwakata pembe wiki hiyohiyo ili maumivu yaishe pamoja.

Babu wa Malisho: Hapana, Mama. Maumivu hupunguza hamu ya kula wakati ambapo nafaka ndiyo tegemeo lake. Kata pembe mapema, akiwa na wiki chache tu. Zizi pia usimbadilishie hadi wiki mbili zipite tangu aachishwe maziwa.

Mtunza Zizi: Nimemrudishia lita 2 asubuhi, na leo amekula gramu 600. Kinyesi bado ni laini. Nisubiri kikaze kwanza, au niendelee?