Naombeni ushauri: barua ya kuomba radhi kwa maharusi, chakula kilichelewa

Meneja wa Zamu: Wakuu, habari za jioni. Mimi ni meneja wa hoteli moja hapa Morogoro. Jumamosi tulikuwa na harusi ya watu 350, sahani shilingi 35,000. Bufee ilikuwa ifunguliwe saa 2:30 usiku, ikafunguliwa saa 4:50. Gesi iliishia katikati ya mapishi. Bibi harusi alilia mezani. Nimeandika hivi: "Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza kutokana na tatizo la gesi lililokuwa nje ya uwezo wetu." Imekaaje?

Kandambili: Saa 4:50 mimi ningekuwa nimeshakula keki ya maharusi na maua ya mezani.

Mama Ndafu: Pole kwa huyo binti. Kwenye send-ofu ya mdogo wangu ndafu ililetwa mbichi mapajani, Emsii akatupigisha kwaito saa nzima kuvuta muda. Mpaka leo hatujaombwa radhi. Angalau wewe unaandika.

Mzee wa Bufee: Nimesimamia majiko ya hoteli miaka 19. Mtungi wa kilo 38 ukiisha unafungua mwingine, dakika kumi nyingi. Gesi haiwezi kula saa mbili na dakika 20. Jikoni kulikuwa na nini kingine?

Meneja wa Zamu: Mkuu, barua kwanza. Hayo ya jikoni ni ya ndani.

Mzee wa Bufee: Barua inatoka humohumo jikoni. Ukimwandikia mtu sababu ambayo mhudumu wako mmoja anaweza kuikanusha, umemkosea mara ya pili.

Meneja wa Zamu: Haya. Kulikuwa na semina ghorofani, watu 90, chakula cha usiku. Tuna majiko makubwa matatu, mawili yakashikwa na semina. Halafu kuku wa harusi walitolewa friza asubuhi ileile, saa 10 jioni katikati bado barafu. Pilau ikapikwa kwa awamu. Lakini gesi nayo iliisha kweli! Na semina aliipokea bosi, sio mimi.

Mchungaji Mstaafu: Watu walichanga, wengine kwa kukopa. Tamaa ya shughuli mbili siku moja hiyo.

Wakili wa Kijiweni: Usikiri chochote. Andika juu kabisa "bila kuathiri haki", barua haitatumika popote.

Mzee wa Bufee: Wakili, hapo uko nusu. Maneno hayo ni ya mazungumzo ya kumaliza mgogoro, yaani ofa ya pesa. Kuyabandika juu ya barua ya kawaida hakuigeuzi kuwa siri. Meneja, tenganisha. Barua ya radhi iandikie maharusi kwa majina yao, ueleze kilichotokea kwa saa zake: tuliahidi 2:30, tukafungua 4:50, tulipokea shughuli mbili kwa jiko moja, kuku hawakutolewa friza mapema. Futa "wowote uliojitokeza", maana usumbufu wenyewe unaujua. Barua ya pesa mpelekee aliyesaini mkataba, hapo ndipo ofa ikae. Wangapi waliondoka bila kula?

Meneja wa Zamu: Kamati inasema 200. Sisi sahani zilizoingia kuoshwa ni 230.

Mzee wa Bufee: Basi kwa hesabu yako hawakula 120, ambayo ni shilingi 4,200,000. Anzia hapo, na uwaonyeshe ulivyohesabu. Ila ujue kuna aliyekula sahani mbili, kwa hiyo kamati wanaweza kuwa karibu na ukweli kuliko wewe. Vocha ya kulala bure usiwape, nani anataka kurudi hapo?

Jicho Kavu: Ngojeni. Meneja gani anaanika hesabu za jikoni hadharani? Huyu ndiye bwana harusi, anatafuta ushahidi wa kudai. Mzee, unamwandalia kesi.

Meneja wa Zamu: Ningekuwa bwana harusi ningejuaje kuku walikuwa barafu?

Jicho Kavu: Uliwatafuna.

Mama Ndafu: 😂😂 Ila kweli, kama ni bwana harusi, mbona anamtetea sana bosi?

Mzee wa Bufee: Awe nani, ushauri ni uleule. Meneja, hiyo ya gesi hujaituma bado?

Meneja wa Zamu: Nilimtumia mwenyekiti wa kamati kwa Watsapu leo mchana. Bosi alisisitiza. Naye amejibu "sawa" tu.

Mzee wa Bufee: Hiyo "sawa" isikupe usingizi. Barua mpya iseme wazi kwamba maelezo ya mchana hayakuwa kamili. Usijifanye ya kwanza haipo, ameshaihifadhi.

Meneja wa Zamu: Nitaandika usiku huu. Ila gesi naibakiza kidogo, kwa ajili ya bosi.

Kandambili: Kidogo kilo ngapi? Sita au kumi na tano?