Naomba ushauri: samansi ya mama imegongana na siku ya upasuaji

Wakuu, mama amefunguliwa kesi ya madai mahakama ya mwanzo. Samansi inamtaka Jumanne ijayo, siku ileile aliyopangiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na hospitali ilimpa tarehe hiyo kabla samansi haijafika.

Nimeandaa barua kwa hakimu yenye namba ya kesi, majina ya wadaawa na ombi la kuahirisha, pamoja na barua ya daktari inayotaja tarehe na muda wa kupona (kadi ya kliniki peke yake naona ni nyepesi). Nakala yetu karani ataigonga muhuri wa kupokea.

Ninachohofia ni shauri kusikilizwa upande mmoja. Je, barua inatosha, au siku hiyo nami nisimame mbele ya hakimu kama ndugu yake?