Msaada: orodha ina wateja 230, ujumbe unawafikia 70 tu

VitengeKikuubo: Wakuu, habari za kazi. Nauza vitenge vya jumla Kikuubo, Kampala. Wateja wangu wengi ni wa Busia, Arua, na kina mama wa Goma na Bunia. Mzigo ukiingia napiga picha, natuma kwa orodha ya matangazo ya WhatsApp. Orodha ina namba 230, zote nimezitoa kwenye daftari la risiti. Nikibonyeza ujumbe na kuangalia "Info", naona umefika kwa watu kama 70. Waliobaki hawaoni kitu. Je, nimezidisha kikomo?

Mzee_wa_Owino: Achana na orodha, dada. Fungua grupu. Siku hizi grupu linabeba watu 1024, orodha mwisho wake 256. Weka ma-admin peke yao ndio watume, kelele zinaisha.

FundiSimu256: Mzee kwenye namba hizo yuko sawa, lakini kwa biashara ya jumla grupu ni hatari. Hata ukifunga watu wasiandike, kila aliyemo anaona namba za wenzake. Jirani yako wa duka la pili akiingia kama mteja, kesho anawapigia wateja wako mmoja mmoja.

Dada, kikomo hujakigusa. Shida ni kwamba ujumbe wa orodha humfikia tu yule aliyesevu namba yako kwenye simu yake. Wewe kumsevu hakutoshi. Hao 160 hawajakusevu, au wamekusevu vibaya.

Boda_Ntinda: Mimi nateseka upande wa pili, kila siku naingizwa kwenye magrupu ya kuuza viwanja sijui na nani. Nitoke vipi kabisa?

FundiSimu256: @Boda_Ntinda nenda Settings, Privacy, Groups, chagua "My contacts". Asiye kwenye majina yako hatakuingiza tena moja kwa moja.

VitengeKikuubo: Kusevu vibaya kivipi? Mama mmoja wa Goma alinionyesha simu yake, jina langu limo kabisa, na bado hapati.

FundiSimu256: Aliandika namba inayoanza na 07, sivyo? Ukiwa Uganda hiyo inasomeka. Simu ya laini ya Kongo ikiona 07 inadhani ni namba ya huko, inaweka 243 mbele, kwa hiyo kwa WhatsApp huyo si wewe. Lazima asevu +256 kisha 7, bila sifuri. Kwenye kadi zako za duka umechapa nini?

VitengeKikuubo: 😩 07.

FundiSimu256: Basi anza hapo, chapa upya. Halafu acha kutoa namba kwenye risiti. Mteja aanze yeye. Tengeneza kiungo hiki, namba bila + wala 0:

```
https://wa.me/2567XXXXXXXX?text=Nitumieni%20vitenge%20vipya
```

Ukitumia WhatsApp Business, chapa ile QR yake uibandike kaunta. Mteja anaskani, anatuma, wewe unamjibu: "Karibu. Sevu namba hii ili picha zikufikie. Ukichoka andika TOSHA." Asevu akiwa bado anasubiri kufungiwa mzigo, na kwa kuwa amefungulia kwenye mazungumzo, namba inaingia na +256 yenyewe. Nawe msevu kwa mji na anachonunua, mfano "Bunia wax". Akiandika TOSHA, mtoe siku hiyo hiyo.

Wakili_Mbarara: Naongezea. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka ridhaa ya mtu, na inampa haki ya kukataa matangazo. Kununua kitenge mara moja si ridhaa ya kutumiwa picha kila wiki. Ule ujumbe anaoutuma yeye kwanza ndio ushahidi wako, usiufute.

Mzee_wa_Owino: Kuna WhatsApp za kupakua nje zinazotuma kwa maelfu bila kusevu…

FundiSimu256: Mzee wangu, hizo ndizo zinazofungiwa namba. Na namba ya duka ikifungiwa, wateja wote wamekwenda.

VitengeKikuubo: Hao 160 wa zamani nifanyeje, niwafute?

FundiSimu256: Usiwafute leo. Tiki moja yaweza pia kuwa simu imezimwa, hasa kwa walio safarini, kwa hiyo angalia "Info" tena baada ya siku mbili tatu. Walio kimya wapigie au waulize wakija dukani. Asiyejibu, mwache.

Dada_wa_Busia: Kwa nini asifungue chaneli tu? Wafuasi hawaonani namba na hakuna cha kusevu.

FundiSimu256: Nayo ni njia, ila mteja hawezi kukujibu pale pale "niwekee hii ya bluu pisi kumi". Kwenye orodha jibu lake linakuja kwako faraghani. Kwa jumla mimi napenda orodha.

Dada_wa_Busia: Mimi nauza viatu kwa chaneli na wananipigia. Hatutakubaliana hapo.

VitengeKikuubo: Kadi mpya nazichapisha kesho. Kuna anayejua Nasser Road nani anachapa QR isiyofifia kwenye jua?